Shangazi na Vitenzi Vinne

Miguu ya Shangazi ilichoka kabla ya Shangazi mwenyewe. Usiniulize inawezekanaje; muulize yeye, aliyesimama miaka kumi na mmoja katika chumba cha kufulia cha hoteli, na ambaye kila mchana akivua viatu hukuta mshono wa soksi umezama nyamani. Ndiyo maana tangazo lilipobandikwa kwamba mapokezi wanatafuta mtu mmoja, hakuangalia mshahara. Alijua kazi ile hufanywa mtu akiwa ameketi. Akajiandikisha siku hiyohiyo.

Kikwazo kilikuwa Kifaransa. Meneja wa mapokezi alisema atapima vitenzi vinne tu: aller, kwenda, venir, kuja, pouvoir, kuweza, na vouloir, kutaka. Mgeni haishi siku bila hivyo, alisema, na mengine mtu atayajulia kazini.

Kwenye meza ya pasi ya pili alifanya kazi binti wa kaka yake, aliyesoma Kifaransa sekondari. Akaviandika nyuma ya karatasi ya hesabu ya mataulo.

"Hivi havifuati kanuni, Shangazi. Ni kukariri tu."

"Kukariri kwa kichwa kipi? Hiki kimejaa mvuke."

Wiki nzima maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Je vais, tu vas, il va. Akifika nous, sisi, ameshasahau je, mimi. Alichoka hadi akatamani kulifuta jina lake kwenye orodha. Binti naye uvumilivu ulimwishia.

"Basi angalia katikati peke yake! Nous allons, vous allez. Nous venons, vous venez. Nous pouvons, vous pouvez. Nous voulons, vous voulez. Hapo neno linafanana na lile la kwenye kamusi. Linajipinda mwanzoni na mwishoni."

Shangazi alikuwa na foronya mkononi. Aliikunja mara tatu, akaipitishia kiganja mara mbili kuinyoosha, akaipiga kofi moja juu ya rundo. Akachukua nyingine.

"Je viens, tu viens, il vient," akasema, mikunjo mitatu. "Nous venons, vous venez." Kiganja kikapita mara mbili, neno likanyooka. "Ils viennent." Kofi.

Binti aliweka pasi chini.

Kuanzia hapo foronya zilizungumza Kifaransa. Peux, peux, peut na veux, veux, veut wakawaita mapacha: herufi ya kwanza tu ndiyo inayowatenganisha, na wote wawili humalizia x, x, t. Kofi la mwisho siku zote lilibeba nt: viennent, peuvent, veulent. Hata vont, yule mtukutu wa aller, alibeba nt yake. Shangazi hakupumzika kwa hilo, kazi ilikuwa ileile na miguu ileile, ila walau alikuwa na cha kutumainia.

Siku ya mtihani aliingia ofisini asubuhi. Meneja aliketi nyuma ya meza. Upande wa pili palikuwa na kiti kitupu, lakini watu wa kufulia husimama mbele ya mameneja. Haijaandikwa popote na hakuna asiyejua.

"Pouvoir," meneja akasema.

Mikono ya Shangazi ilining'inia mitupu, na kichwani hamkuwa na kitu. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Kisha akafungua kamba za aproni yake, akaivua, akaanza kuikunja hewani.

"Je peux, tu peux, il peut." Akailaza kwenye mkono, akainyoosha. "Nous pouvons, vous pouvez." Akaipiga kofi. "Ils peuvent."

Meneja aliinua nyusi, asicheke. Akataja vile vitatu vingine. Aproni ilikunjwa ikakunjuliwa, na hakuna neno lililoanguka.

"Vizuri. Sasa tuzungumze kidogo. Et vous, madame, que voulez-vous?"

Alilielewa swali. Na wewe, mama, unataka nini? Ila miaka kumi na mmoja hakuna aliyemuuliza hivyo kwa lugha yoyote.

"Je veux," alisema. Kitenzi kilikuja, neno la kufuata halikuja, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Akanyoosha kidole kwenye kiti.

Meneja alikitazama kiti, akaitazama miguu ya Shangazi, akainamisha macho. Aliinuka mwenyewe, akazunguka meza na kumvutia kiti.

Shangazi akaketi. Miguu ilipwita kwa nguvu, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Vous pouvez venir lundi?" meneja aliuliza taratibu. Unaweza kuja Jumatatu?

"Je peux. Je viens."

Meneja akaandika, akafunga faili, akarudi kwenye Kiswahili.

"Basi mama, tumemaliza. Unaweza kwenda."

"Naweza," alisema Shangazi, mgongo ukiwa umeegemea kiti. "Lakini bado sitaki."