Sista Hataki Kumeza Silabi

Mimi sina subira, na wanafunzi wangu wanalijua hilo kabla hawajakalia kiti. Nafundisha kuzungumza Kiingereza kwa watu wanaojiandaa kwa mtihani wa kuzungumza: manesi, mafundi mitambo, wahasibu, yeyote aliyeahidiwa kazi ng'ambo kwa sharti kwamba aeleweke. Darasa langu liko ghorofani, juu ya mafundi cherehani, na nikinyamaza kidogo tu vyerehani vinaendelea na somo. Sifundishi sarufi. Sarufi wanakuja nayo, tena wengine wananishinda. Mimi nafundisha mapigo.

Siku ya kwanza neno hilo huwachekesha. Basi nawaambia waseme wanapowapeleka wagonjwa. Hospitali. Ho-spi-ta-li: kila silabi ina sahani yake. Ile ya pili kutoka mwisho inaongezewa kijiko, lakini hakuna inayolala njaa. Kiswahili ndivyo kilivyo, na lugha nyingine nyingi tu. Kiingereza hakijui usawa huo. Neno lilelile wenyewe wanalipiga mbele, silabi ya kwanza inapewa uzito wote, na zilizobaki zinaminywa mpaka hujui irabu yake ilikuwa ipi. Sentensi nayo hivyohivyo. Maneno mazito yanapigwa, na vijineno vya katikati vinabanwa ili pigo linalofuata lisichelewe. Ukiviongeza, sentensi hairefuki sana, vinazidi kubanana tu. Waliopima kwa mitambo wanasema nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani hasa, na mimi sibishani nao. Ila sikio linasikia kama zinalingana, na mtahini anakuja na masikio.

Sista alikuja kwangu akiwa ameshaanguka mtihani huo mara mbili. Alikuwa nesi wa wadi ya watoto, mwembamba, kiatu chake hakipigi kelele, na kila kitu akikishika anakishika kwa mikono miwili, hata kalamu. Mumewe alitangulia ng'ambo kufanya kazi ghalani, akamchukua na binti yao, Kibibi, ili aanze shule mapema. Mama angefuata baada ya miezi michache. Miezi ikawa miaka. Hospitali ya huko ilimwekea nafasi, lakini matroni wao alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba safari hii akikosa alama nafasi anapewa mwingine. Bila kazi hakuna kibali, na bila kibali hakuna Kibibi. Sikuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Kibibi alikuwa akimpigia mama yake akitoka shule, na saa hizo huku kwetu ndiyo saa ya kipindi. Kwa wengine simu ikilia darasani kwangu nawatoa nje. Kwa Sista nilijifanya natafuta chaki. Hapo mwanzo, alinisimulia, mtoto alikuwa anamwaga Kiswahili kama kawaida, mambo ya shuleni na ya jirani. Kisha kikaanza kuchanganyika, kisha kikabaki Kiingereza kitupu, cha haraka, cha watoto wa kule. Baba mtu alikuwa anaingia zamu, mtoto analelewa na jirani na televisheni, ungetegemea nini. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikunjwa upesi sana.

"Mwalimu, mtihani wa kusoma napata karibu yote," aliniambia siku moja baada ya kukata simu. "Mbona akiongea mwanangu mwenyewe sishiki neno?"

Nikamweleza kwamba maneno yenyewe anayajua. Tatizo ni sikio lake, linakaa mlangoni likisubiri kila silabi iingie na irabu yake kamili, na kwa Kiingereza nyingi zinapita zimejikunyata, nyingine hazipiti kabisa. Lazima lijifunze kudaka mapigo na kukisia yaliyo katikati. Akasema, basi mtoto wake anampotelea hapo katikati. Akacheka. Mimi sikucheka, nilimwambia akae tuanze.

Na alijifunza. Wallahi alijifunza, nisimsingizie. Tuliigonga meza kufuata mapigo mpaka fundi wa chini akapanda kuuliza kama tunajenga. Nilimpa mambo ya kusimulia: harusi yake, mkwe wake, daktari wa zamu anayesinzia wima. Mwanzoni kila neno lilisimama peke yake kama askari kwenye gwaride. Taratibu akaanza kuzitupa silabi nyepesi na kuziegemea nzito, na kuna siku alisimulia kisa cha mkwe na jogoo bila kugonga meza hata kidogo, mapigo yakatembea yenyewe. Nilimpigia makofi. Nikajiona bingwa, nikaanza kumhesabu kama amekwishapanda ndege.

Kisha tukafika kwenye igizo. Mtihani wao una sehemu hiyo: nesi anapewa kadi, mtahini anajifanya mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, wanazungumza. Nikajifanya mama mwenye mtoto wa homa. Sista alinikaribisha vizuri, akanipa pole, mapigo yote mahali pake. Alipofika kwenye dawa, akabadilika. Mgongo ukanyooka, mikono miwili ikashika chupa ambayo haipo, na Kiingereza chake kikarudi nyumbani: kila silabi sawa na mwenzake, kila irabu imejaa, polepole, kama anayemwelekeza kipofu njia. Nikamkatiza. Tukarudia. Ikawa vilevile. Nilimsema sana siku hiyo, na mdomo wangu hauna breki, mnaonijua mnajua.

"Hapo siwezi kumeza, mwalimu," alisema. "Kwenye dawa mtu hamezi maneno. Ukimeza wewe, mtoto anamezeshwa visivyo."

Nikamwambia hiyo ni hekima ya huku. Huku ukitaka kueleweka unatoa kila silabi kamili, na kila mtu anashukuru. Kwa sikio la kule, mkazo ndio unaoonyesha neno lipo wapi. Ukizisawazisha silabi zote, umezima taa zote, na msikilizaji anabaki anapapasa neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Nikamwambia kule ukiwa mwangalifu unaegemea zaidi penye mkazo, na kwingine unaacha palegee. Alinisikiliza kwa adabu zake zote. Akakubali kwa kichwa. Akarudia, na safari hii akaweza, lakini macho yake yalikuwa ya mtu anayetenda dhambi. Jasiri haachi asili, nikajisemea, ila nilidhani siku ya mtihani woga utamsaidia.

Siku yenyewe alinijia moja kwa moja kutoka kwenye chumba cha mtihani, bado kavaa viatu vyake vya kazini. Sikuuliza, nilimmiminia chai. Alianza kusimulia kama anayetoa ripoti ya zamu. Mazungumzo ya kwanza yalikwenda vizuri, mtahini alicheka hata. Kisha kadi ikaja: mama wa mtoto mchanga anarudi nyumbani na dawa ya maji, ana wasiwasi, mweleze namna ya kumpa. Kati ya kadi zote walizonazo. Niliitukana kadi ile kimoyomoyo.

Alisema alianza na mapigo. Mtahini alikuwa mama mtu mzima, na aliigiza vizuri kupita kiasi, sauti ikamtetemeka. Basi Sista akamwona mama. Kwenye wadi yake walishaletwa watoto waliopewa dawa kimakosa kwa sababu mtu mmoja alisema haraka na mwingine akaona haya kuuliza. Akanyoosha silabi. Mtahini akamwomba arudie. Akanyoosha zaidi. Akaombwa tena. Kadiri alivyoombwa ndivyo alivyozidi kumfafanulia, polepole zaidi, sawasawa zaidi, na uso wa yule mama ukazidi kupotea.

"Nilijua ninachofanya," alisema. "Nilikuwa nakusikia wewe unanigombeza kichwani. Lakini mwalimu, angekuwa kweli ana mtoto?"

Nilitaka kumfokea. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilimwongezea chai tu, na vyerehani vikaendelea chini.

Matokeo yalitoka mchana, siku ambayo sina darasa. Aliyafungulia kwangu, kwa sababu nyumbani hakuna mtu wa kuwa naye, alisema. Kusoma, kuandika, kusikiliza, vyote vimepita; hata kusikiliza kulikuwa kumepanda. Kuzungumza kumekosa, tena kwa kidogo, na hicho kidogo kiliniuma kuliko kama angeanguka chini kabisa. Akaandika kwa matroni palepale. Jibu lilikuja haraka kuliko tulivyotegemea: pole nyingi, shukrani nyingi, na mtu mwingine keshaitwa. Sista aliiweka simu mezani, akaipangusa kwa kiganja kama ina vumbi. Mimi nilimwambia kuna mitihani mingine, kuna hospitali nyingine. Alinitazama kama anavyotazama, nadhani, ndugu wa mgonjwa wanaouliza maswali ambayo jibu wanalo.

Simu ikalia. Kibibi, katoka shule.

Nikasimama nitoke, akanishika kanzu. Akawasha spika ya simu ili ashike simu kwa mkono mmoja tu, na mimi anishike kwa mwingine. Akaanza kwa Kiswahili, taratibu, mwanangu mama hatakuja, ile kazi imepewa mtu mwingine. Kisha mtoto akajibu kwa Kiswahili. Maneno yalikuwa yetu, mapigo hayakuwa yetu. Alilipiga kila neno mbele, mikia akaila, irabu zimelegea zote zimekuwa moja. Kumbe wakati mimi nambembeleza mama mtu azitupe silabi za Kiingereza, mtoto wake alikuwa huko anazitupa za Kiswahili. Ilimchukua Sista muda kung'amua kwamba ameambiwa hajaeleweka.

Mtoto akamwomba aseme kwa Kiingereza. Sista akavuta pumzi. Akasema kwa Kiingereza kwamba hospitali imempa mtu mwingine nafasi yake, na kwamba hatakuja, na kwamba si kwa sababu hataki. Alisema kwa uangalifu wote alio nao, kwa sababu hii ilikuwa dawa kubwa kuliko zote alizowahi kutoa. Kila silabi kamili. Kila silabi sawa na mwenzake, na kilio kimeshaanza kuzikatakata. Kibibi akauliza umesema nini. Akarudia, polepole zaidi. Umesema nini, mama. Nilisikia sauti ya mtoto ikianza kukosa subira, ile ya mtoto anayeitwa na wenzake nje.

Sista akanipa simu, kwa mikono miwili.

"Mwambie wewe, mwalimu," alisema. "Wewe atakuelewa."

Nikamwambia. Nilipiga mazito, nikabana mepesi, kama nilivyofundisha miaka yote. Sikuhitaji kurudia. Kibibi alielewa mara moja, na mama yake, aliyekuwa amenikazia macho, alimsikia akianza kulia.