Faili la Mzee Cornelius

Nina hasira za karibu, na watu wa steji ya Kakamega wanalijua hilo. Mtu akiniletea simu iliyoanguka chooni na kuniambia iliwekwa tu juu ya meza, namrudishia. Siku ile, mtu wa kukasirikiwa nilikuwa mimi mwenyewe, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Mama Zipporah aliingia kibandani kwangu mwendo wa saa nne asubuhi, akitoka Matete. Sikumfahamu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafungua fundo la leso, akatoa kikaratasi chenye namba ya simu.

"Wewe ndiye Ayuma?"

"Ndiyo, mama."

"Tevin aliniambia ulihifadhi vitu vya mzee. Vya kwa simu."

Nikakumbuka. Tevin, dereva wa trekta la miwa, ni mtoto wa ndugu ya Mzee Cornelius, mume wa mama huyu. Mwaka uliopita, wiki moja baada ya mazishi ya Mzee Cornelius, siku ya wafiwa kunyolewa na kugawana nguo za marehemu, Tevin alipewa simu ya mzee. Akaniletea niifute yote, iwe kama mpya.

Ilikuwa moja ya hizi simu zinazouzwa bila huduma za Google. Ni simu nzuri, kamera yake nzuri, bei yake nzuri. Kasoro ni kwamba nyingine zote zinapeleka nakala ya WhatsApp mbinguni huko kwa Google, na hii haipeleki popote. Kila usiku saa nane inaandika nakala yake ndani ya tumbo lake lenyewe, na zikipita siku kama saba ile ya zamani inafutwa. Ukiifuta simu, nakala nayo inakwenda. Wateja wangapi wamelia mbele yangu kwa sababu hiyo, siwezi kuwahesabu. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: sifuti simu ya aina hiyo kabla sijachomeka waya na kuhamishia folda nzima ya WhatsApp kwenye kompyuta yangu. Kwa Tevin nilifanya hivyo hivyo, nikamwambia awaambie wa nyumbani. Nilijiona fundi wa maana sana.

"Ziko, mama," nikasema, na moyo wangu ulichangamka. "Ziko salama kabisa."

Mama Zipporah alifumba macho. Kisha akaniambia habari yote.

Mzee aliugua koo. Alipasuliwa Eldoret, na tangu siku hiyo hakutoa sauti tena. Miaka miwili. Waliishi wawili nyumbani, na kila alilotaka kusema aliliandika kwenye WhatsApp, kwenye ile sehemu ya mtu kujitumia ujumbe mwenyewe, kisha anampa mkewe simu asome. Chumvi imezidi. Ng'ombe amekata kamba. Umependeza leo. Yote yalikuwa humo, na hayakutumwa kwa mtu mwingine yeyote.

"Siku ya mwisho alikuwa ameandika kirefu," akasema. "Aliandika tangu jioni mpaka nikashika usingizi. Asubuhi akaniletea simu. Mimi nilikuwa natoa ugali kwa moto, miwani sina. Nikamwambia, nitasoma baadaye. Akacheka vile alikuwa anachekanga, mabega tu. Saa sita akawa ameenda."

Baadaye hakuweza kuigusa simu ile; iliisha chaji ikazimika siku ileile. Wageni walijaa, matanga yakaja, nguo zikagawanywa. Imemchukua miezi kumi na minne kupata nguvu ya kusoma.

Nikatoa simu ya ziada, nikaihamishia folda, nikaiwekea WhatsApp. Ikauliza namba. "Laini ya mzee iko wapi?"

"Shemeji aliikata na wembe. Ule wa kutunyoa. Alisema tusimwite mtu ambaye amelala."

Nikaiweka simu mezani. Faili lile limefungwa kwa kufuli, na kufuli linafunguka kwa mwenye namba peke yake. WhatsApp inatuma namba sita za siri kwa laini ileile, ukiziandika ndipo inakuuliza kama urejeshe mazungumzo. Nikajaribu kwa laini ya mama mwenyewe, ingawa nilijua jibu. Ikakataa. Nakala si ya namba hii.

"Laini iliyokatwa inaweza kurudishwa," nikasema haraka. "Cheti cha kifo, barua ya chifu, tunaenda dukani kwa kampuni ya simu."

"Nimeenda jana, Tevin alisema itahitajika," akasema. "Waliniambia ilikaa sana bila kutumika. Iliuzwa kwa mtu mwingine."

Basi tukaipiga. Nilibonyeza namba ya mzee, ile ya kwenye kikaratasi, nikaweka spika. Ililia mara tatu.

"Haro, nani?" Sauti ya mwanamume, nzito, yenye afya.

Mama Zipporah alishika ukingo wa meza yangu. Namba ile ilikuwa imekaa kimya miaka miwili kabla ya kifo, na sasa ilikuwa inaongea.

Nilijieleza. Aliitwa Kipruto, yuko Kapsabet. Alisikiliza kwa upole. Nikamwomba atoke kwenye WhatsApp yake kwa dakika chache, kisha anisomee namba sita zitakazomfikia.

"Dada, hapo umefika," akasema. "Hizo namba mimi sipeani."

"Nipo na mama mjane hapa. Ongea naye."

"Mwanangu," mama akasema, "ni maneno ya mzee wangu tu."

"Mama, pole sana. Lakini wale matapeli wa juzi pia walikuwa na mama analia. Hata bibi yangu siwezi kumpa." Akakata. Nilipopiga tena, haikulia. Alikuwa ametufungia.

Ningemtukana, ila juu ya kichwa changu, ukutani, kuna karatasi niliyoandika mwenyewe kwa wino mwekundu: USIMPE MTU NAMBA ZA SIRI, HATA AKILIA. Kijana wa watu alifanya ninachofundisha. Na hata angekubali, sina hakika ufunguo wa mwenye namba mpya ungefungua kufuli la mwenye namba wa kwanza.

Mama akaniuliza swali nililokuwa naliogopa. "Wakati Tevin alikuletea simu, yalikuwa yanasomeka?"

"Yalikuwa yanasomeka."

Simu ilikuwa wazi mkononi mwangu. Tevin alikuwa ameshafungua. Ningebonyeza mara tatu, kuhamisha gumzo lile liwe maandishi ya kawaida, yale ambayo simu yoyote inayasoma bila laini wala kufuli. Dakika mbili. Sikufanya, kwa sababu niliona ni aibu kuchungulia maneno ya marehemu. Nikabeba folda nikiwa nimefunga macho, nikaita hiyo heshima. Nilimwambia hivyo hivyo, na nikalia, mimi ambaye huwa nawafokea wanaolia.

Hakunifokea. Aliomba aone faili. Nikamwonyesha kwenye kompyuta: jina refu la Kizungu, tarehe, na saa nane usiku wa kuamkia siku aliyofariki.

"Kwa hivyo ile ndefu imo ndani. Aliandika mapema."

"Imo, mama."

Aligusa kioo kwa kidole, pale kwenye tarehe. Nikamwekea nakala kwenye flashi, nyingine nikaibakiza kwangu. Akaifunga flashi ndani ya leso pamoja na kikaratasi. Mlangoni akageuka.

"Yule kijana wa Kapsabet. Ulimsikia ana miaka mingapi?"

"Labda thelathini, mama."

Alikaza fundo la leso.

"Basi hiyo laini hataiacha nikiwa hai, niinunue mimi," akasema, akaenda kutafuta gari la Matete.