Mpinzani Atasema

Saa nne asubuhi, Jumanne tarehe 15 Januari 2008, rasimu ya insha ilirudi mikononi mwa Kathini ikiwa na wino mwekundu mahali pamoja tu. Chuo kilikuwa bado kimefungwa kwa sababu ya ghasia za uchaguzi, lakini Daktari Mildred, mhadhiri wao wa falsafa, aliwaita ofisini wanafunzi walioweza kufika.

Swali lilikuwa hili: je, kisasi chaweza kuwa haki pale dola inaposhindwa kutoa haki? Kathini alijibu hapana. Katika aya ya pingamizi aliandika kwamba wanaotetea kisasi husukumwa na hasira na ujinga, kisha akawamaliza kwa mistari minne. Pembeni Daktari alikuwa ameandika: "Umechonga kinyago ukakiangusha. Nani hasa husema hivi? Eleza hoja yake kwa nguvu zake zote, mpaka mwenyewe akiisoma aseme, hicho ndicho ninachosema. Ndipo umjibu."

Kathini hakuhitaji kwenda mbali kumtafuta mwenye hoja. Kaka yake Kimanzi, fundi seremala, alikuwa na karakana upande wa Ayany, pale Kibera inapoanzia. Iliteketea siku matokeo ya kura yalipotangazwa, na tangu hapo alikuwa akilala sakafuni katika chumba alichopanga Kathini mtaa wa Gatina, Kawangware.

Katika ploti hiyohiyo ya vyumba vya kupanga aliishi Risper, mshonaji, ambaye wapangaji walimwita Mama Jentrix. Watu wa kabila lake ndio waliodaiwa kuichoma karakana. Mwenye ploti, Mzee Naftaly Kimotho, alikuwa ametangaza kwamba Jumapili baada ya ibada wapangaji wangekutana waamue kama Risper abaki au ahame. Kila mtu alijua neno la Kimanzi ndilo lingekuwa zito, kwani ndiye peke yake pale aliyeunguliwa. Kathini alitaka Risper abaki. Kwa hiyo alitaka kaka yake ageuzwe, na hakujua njia nyingine ya kumgeuza mtu ila kumjibu.

Ijumaa jioni alimsomea aya mpya.

"Mpinzani atasema," alianza, "kwamba uchungu wa mtu aliyepoteza mali…"

"Hebu simama," Kimanzi alisema. Alikuwa akimenya viazi. "Nani amekuambia ni uchungu? Mimi nimelia?"

"Hapana."

"Basi usinililie kwenye karatasi, msomi. Andika hivi. Tulikubaliana na serikali. Mimi nisimpige anayeniibia, yeye polisi atamshika. Sawa? Nikapiga simu kituoni. Wakasema gari halina mafuta. Nikapiga tena, hawakushika. Sasa yale makubaliano yako wapi?"

"Yamevunjika."

"Yamevunjika. Na kitu ulichompa mtu akutunzie, akishindwa, si unakichukua? Hata shati kwa dobi."

Kathini aliandika haraka. Alimuuliza kwa nini asingoje tu, mambo yatulie. Kimanzi akasema anayengoja humwachia mwizi faida, na mwizi mwenye faida hurudi. Kathini akaliandika hilo pia. Hoja ilikuwa na miguu. Ile ya kwanza haikuwa na hata mmoja.

Alipomsomea tena, Kimanzi aliweka kisu chini.

"Hapo umenishika. Lakini toa hiyo 'mpinzani atasema'. Mpinzani ni nani? Ni mimi. Andika 'mimi'."

Kathini aliona ni haki yake. Akanakili aya nzima kwenye ukurasa safi, kwa nafsi ya kwanza, bila mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Dola imevunja ahadi. Haki ya kuadhibu niliyoikabidhi imenirudia. Nisipoitumia namfundisha mkosaji kwamba kosa hulipa. Jibu lingeanza ukurasa wa pili.

"Na jibu?" Kimanzi aliuliza.

"Bado halijakaa sawa. Kesho nakwenda kulimalizia kwa Daktari."

"Niachie hii nijisome."

Akamwachia.

Jumamosi, mezani kwa Daktari Mildred, jibu lilikaa. Hakuhitaji kumwita kaka yake mwongo wala mwenye hasira. Alimkubalia kwamba dola imevunja ahadi. Alimkubalia hata kwamba haki ya kuadhibu imerudi. Aliuliza jambo moja: imerudi dhidi ya nani? Haki hiyo, ilipokuwa mikononi mwa dola, ilikuwa na sharti kwamba aadhibiwe aliyetenda, tena kwa ushahidi. Haiwezi kurudi kwa mwenyewe ikiwa imeliacha sharti hilo njiani. Kimanzi hakumwona aliyewasha moto. Basi hoja yake, hata ikiwa kweli neno kwa neno, haimgusi mtu yeyote ambaye kosa lake halijulikani.

"Sasa umejibu mtu," Daktari alisema. "Lakini lile pingamizi umelianzaje? Msomaji atajuaje kwamba si wewe unayesema?"

"Nilikuwa na 'mpinzani atasema'. Nikaitoa."

"Irudishe."

Kathini alifika Gatina saa nane. Uani, mbele ya chumba cha Risper, palikuwa na mguu wa chuma wa cherehani, peke yake. Mlango ulikuwa wazi na ndani hamkuwa na kitu.

Maggie, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyemsimulia. Asubuhi uvumi ulienea kwamba vijana wa kabila la Risper wanakuja kutoka Kibera kuvamia. Mzee Naftaly hakungoja Jumapili, akawaita watu papo hapo. Wengi walikuwa wakisitasita. Mmoja akasema mama wa watu ana kosa gani. Ndipo Kimanzi akasimama na karatasi.

"Akasoma vizuri, kama katekista," Maggie alisema. "Mzee akamuuliza nani ameandika. Akasema ni wewe, wa chuo kikuu. Basi, nani angebisha?"

"Haikuwa imeisha, Maggie."

"Sisi tuliona imeisha."

"Na Mama Jentrix alisema nini?"

"Aliuliza kama kweli ni mwandiko wako. Akaonyeshwa. Akaanza kukunja vitambaa vya watu."

Mkokoteni ulichukua kichwa cha cherehani, godoro na watoto. Mguu haukutoshea.

Kimanzi alikuwa chumbani. Kathini hakukaa. Alimsomea ukurasa wa pili akiwa amesimama, tangu mwanzo hadi mwisho, na Kimanzi alisikiliza bila kumkatiza.

"Hapo pa kujua ni nani," alisema. "Sikuwa nimepafikiria."

"Ndiyo."

"Ungenisomea jana."

"Jana sikuwa nalo."

"Basi usingeniachia nusu."

Kimanzi alitoka, akauinua mguu wa cherehani akauingiza ndani, akaufunika kwa gunia.

Simu ya Risper haikupatikana siku hiyo wala zilizofuata. Insha ilikabidhiwa chuo kilipofunguliwa, ikiwa na kurasa zote mbili kwa mpangilio wake, na ile ya kwanza ikianza kwa "Mpinzani atasema". Ilirudi na alama za juu kuliko zote alizowahi kupata. Kando ya aya ya pingamizi Daktari Mildred aliandika kwamba mwenye hoja hii angejitambua.

Mwanzoni mwa Machi, baada ya wakubwa kutia saini mapatano, Kathini na Kimanzi walikwenda Ayany na mguu wa cherehani juu ya mkokoteni. Waliuliza kanisani, ambako waliofukuzwa walikuwa wamelala Januari. Mlinzi, aliyeitwa Shiundu, alimkumbuka mshonaji mwenye cherehani bila mguu. Risper alilala pale siku mbili. Siku ya tatu Shiundu mwenyewe alimsaidia kupakia kichwa cha cherehani kwenye basi la Kisumu, na aliliona basi likiondoka.