Picha Iliyogeuzwa

Mzee Flavian, katibu wa kijiji cha ujamaa huko Ufipa, aliletwa hoi hospitali ya rufaa, akalazwa chumba cha mahututi. Wajumbe wa Chama wakamfuata na chupa ya uji wa ulezi. Dokta Asajile, anayependa hadhira kuliko wagonjwa, akaipachika picha ya kifua kwenye taa.

“Mpira wa hewa umeishia juu kidogo ya njia panda ya mapafu, safi. Wa mshipa umefika karibu na moyo. Wa kulishia umekwenda kushoto, tumboni. Sista, mlishe!”

Kalista, nesi mzaliwa wa Ilemba, hakugusa uji. “Dokta, mpira wa mshipa uliuingiza shingoni kulia. Mbona kwenye picha unatokea kushoto? Na moyo nao umehamia kulia?”

Akaigeuza picha. Moyo ukarudi kwao. Mpira wa kulishia ukaonekana umezama kwenye pafu la kulia, wala haujavuka msuli unaotenga kifua na tumbo. Uji ule ungemzamisha mzee wa watu akiwa kitandani.

Dokta akakohoa. “Nilikuwa nakupima, Sista.”

Wajumbe wakampigia Dokta makofi kwa umakini wake. Kalista akauchomoa mpira pafuni, akamwachia makofi yake.