Swali la Tisa na Kilomita Tano za Ziada

Mwalimu mpya wa hesabu alikuwa na wiki tatu tu shuleni alipofanya kosa lisilosameheka: alikokotoa mwenyewe. Wenzake walisahihisha mtihani wa majaribio kama watu wenye akili timamu, jicho moja kwenye karatasi ya majibu iliyochapishwa, jingine kwenye chai.

Swali la tisa lilihusu dereva aliyekwenda kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, akarudi njia ileile kwa kilomita 20 kwa saa. Wastani wa mwendo wake safari nzima ni upi? Karatasi ilisema 25. Yeye alipata 24. Akasoma swali upya, neno kwa neno. Akaifunika karatasi ya majibu, akakokotoa tena. 24.

Darasa zima, mwanafunzi mmoja tu aliandika 24, na tayari jibu lake lilikuwa limepigwa alama nyekundu ya kosa.

Akamwendea mkuu wa idara, aliyeitwa Nukta kwa sababu akishasema, mjadala umekwisha.

"Shikamoo, mwalimu. Jibu la tisa lina kosa."

Ofisi nzima ya walimu ikageuka, vikombe mkononi. Ungedhani amemtukana mama wa mtu.

"Marahaba. Limechapishwa hilo, mwanangu."

"Mashine ya kuchapa haijasoma hesabu, mwalimu. Kwenda ni saa mbili, kurudi saa tatu. Jumla tano, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kwa mwendo wa 25, saa tano zinampeleka kilomita ngapi?"

"Mia na ishirini na tano."

"Na barabara, kwenda na kurudi?"

Nukta akavua miwani. "Mia na ishirini."

"Hizo tano kazipitia wapi?"

"Labda alichepuka kwa mchumba," akasema mwalimu wa jiografia, mtaalamu wa barabara.

Nukta akafuta miwani polepole mno. "Wamejumlisha 30 na 20, wakagawa kwa mbili, wakasahau kwamba kurudi kulichukua muda mrefu zaidi. Nililiona zamani. Nilikuwa nakupima tu."

"Asante kwa kunipima," akasema mwalimu mpya, kichwa kikivimba. "Basi na la kumi na nne pia wamekosea. Eneo la duara ni 616, wao wameandika 154."

Nukta akalisoma swali kwa sauti, taratibu, kwa raha isiyofichika. "Duara lenye *kipenyo* cha sentimita 14."

Mwalimu mpya alikuwa ameichukua 14 kama nusu kipenyo. Akakokotoa upya palepale kwa saba: saba mara saba, mara ishirini na mbili, gawa kwa saba. 154.

"Wamepatia," akanong'ona.

"Hongera kwao," akasema Nukta.

Mchana kutwa walisahihisha upya swali la tisa, wote, bila chai. Aliyeandika 24 akapewa alama zake. Asubuhi iliyofuata wengine thelathini na wanane, walioandika 25, walijipanga mlangoni kudai za kwao, na kila mmoja alikuwa na hoja ileile: mbona limechapishwa?