Klorofomu ya Ijumaa

Mwalimu alikuwa ameifundisha ngazi ile miaka kumi na mitano. Kloridi ya asidi juu kabisa, chini yake anhidridi, halafu esta, na amidi chini kabisa. Aliichora ubaoni kila mwaka na kuwaimbisha wanafunzi wake wa sekondari mpaka waikariri: wa juu ana hasira, humvaa yeyote anayekuja na elektroni mkononi, na kushuka kwake ni rahisi, wa chini ametulia, na kumpandisha ni shughuli. Angeweza kuisema usingizini. Sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi, amesimama kwenye maabara ya chuo na macho mekundu, na ngazi ileile ilikuwa imempiga chenga.

Alikuwa na likizo ya masomo ya miaka miwili. Miezi kumi na minne kati ya hiyo ilimwishia kwenye kuchemsha na kuchuja magunia ya magome ya mti, apate asidi kidogo aigeuze amidi, ikapimwe kama inaua vimelea vya malaria. Wapimaji walikuwa wanapokea sampuli za mwisho Ijumaa hii, saa kumi jioni. Jumatatu inayofuata alitakiwa kurudi darasani. Sampuli isipofika, tasnifu haina sura ya mwisho, na shahada ndiyo basi tena. Asidi iliyobaki ilikuwa gramu moja na ushee, na yote ilikuwa ndani ya chupa moja.

Ijumaa iliyopita mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Alikuwa ameichemsha asidi na thionili kloridi, akapata kloridi yake, ile yenye harufu ya kuchoma pua. Kiyeyushi alichokizoea kilikuwa kimekwisha stoo. Fundi wa maabara, mzee aliyebandikwa jina la Babu Kifuniko kwa jinsi anavyowafokea wanaoacha chupa wazi, akampa klorofomu badala yake. Mwalimu akayeyusha kloridi humo. Ilibaki kutia amini, kemikali ya kuigeuza kloridi kuwa amidi, kazi ya dakika tano, na hapo simu ikalia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, mama ameanguka bafuni. Hanyanyuki."

Akaifunga chupa akaondoka, koti la maabara likiwa bado mwilini. Siku mbili alikaa kwenye benchi la hospitali akimsubiri daktari wa mifupa aseme alichokwisha kukijua, kwamba nyonga imevunjika.

Jumatatu akatia amini. Kloridi ikikutana na amini, chupa hupata joto mkononi. Hii ilibaki baridi. Akasubiri saa nzima, akapima tone kwenye sahani ya silika, inayotenganisha kemikali kuwa madoa: amini ilikuwa palepale, haijaguswa, na juu ya sahani kulikuwa na doa asilolijua.

"Chemsha," alisema msimamizi wake bila kuinua macho kwenye kompyuta.

Akachemsha Jumanne kutwa. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mgongo wake, ambao sasa ulikuwa unauma pande zote mbili.

"Basi pitia anhidridi," msimamizi akasema. "Haina fujo kama kloridi."

"Profesa, anhidridi inakula molekuli mbili za asidi. Moja inashikana na amini, nyingine inarudi kuwa asidi. Nusu ya mali yangu inapita pembeni. Na hata hiyo asidi yenyewe sina."

"Basi andika kwamba jaribio limeshindikana. Wewe si wa kwanza."

Alitoka ofisini kwa profesa amechoka hata hasira hakuwa nayo. Akakaa kwenye stuli mbele ya chupa yake. Babu Kifuniko alikuwa anapita na ndoo ya vioo vichafu, akasimama.

"Hebu nipishe, mwanangu."

Akafungua kizibo, akapunga mkono juu ya mdomo wa chupa ili harufu imfikie kidogo kidogo. Akapunga tena.

"Kloridi hainukii hivi. Hii ni tamu, kama tunda lililoanza kuoza. Umepata esta."

"Esta inatoka wapi, babu? Sijatia spiriti humu."

Mzee alikwenda stoo, akakawia huko, akarudi na dumu kubwa la klorofomu amelipakata. Kwenye lebo ya kiwandani, chini ya jina, kulikuwa na mstari wa herufi ndogo: ndani yake mna ethanoli, yaani spiriti, asilimia moja, ili isiharibike.

"Mimi ndiye ninayejaza zile chupa ndogo," akasema. "Naandika jina tu. Huu mstari sijawahi kuuandika."

Mwalimu akapiga hesabu kichwani. Mililita hamsini za klorofomu zina nusu mililita ya ethanoli, na hiyo inaitosha kloridi yake yote mara mbili. Wikendi nzima. Kloridi ilishuka taratibu ikawa esta, na esta na amini yake, isiyo na nguvu ya kuivunja esta, vingeweza kutazamana humo mpaka mwezi uishe.

"Ungetia amini palepale," mzee akasema polepole, "amini ingeiwahi spiriti. Ina nguvu kuizidi."

"Dakika tano," alisema Mwalimu.

"Dakika tano. Nisamehe, mwanangu."

Ilimuuma, tena sana. Lakini alimwona mama yake chini, sakafu imelowa, na akajua kwamba simu ile ikilia tena ataondoka vilevile.

"Esta haipandi kuwa kloridi," akasema baadaye, kwa sauti ya darasani. "Mpaka ishuke kwanza hadi kwenye asidi, halafu nilipie upya kupanda."

"Basi tuishushe. Thionili ipo ya kutosha."

Jumatano akaiosha amini yote kwa asidi hafifu, akaivukiza klorofomu yote, akaichemsha esta na magadi makali mpaka harufu tamu ikaisha. Akatia asidi ya chumvi, na asidi yake ya magome ikaganda ikaanguka chini, nyeupe. Alhamisi asubuhi ilikuwa imekauka kabisa. Ingebaki na maji, thionili ingemalizikia kwenye maji. Akaichemsha ndani ya kabati la kufyonza moshi, gesi zikatoka zikaenda zake, ile kloridi yenye harufu kali ikarudi. Babu Kifuniko akamletea kiyeyushi kingine, toluini aliyoikausha mwenyewe, na safari hii alisoma lebo yote kwa sauti, neno kwa neno, hadi anwani ya kiwanda.

Mwalimu alizima simu. Akatia amini na besi ya kumeza asidi itakayotoka. Chupa ikapata joto kiganjani, na kitu cheupe kikaanza kutokea. Alipoiwasha simu hapakuwa na ujumbe wowote, na alijiona mwovu kidogo.

Ijumaa saa tisa fuwele zilikuwa kavu. Mashine ya infraredi ilionyesha mstari wa amidi mahali pake, wa esta haupo. Nusu gramu. Wapimaji walihitaji sehemu ya tano tu ya hiyo. Babu Kifuniko aliipeleka sampuli mwenyewe kwa miguu, akarudi akakaa stoo, akaanza kuandika lebo za chupa zote upya, pamoja na ile mistari midogo.

Jioni Mwalimu alikwenda hospitali. Mama alikuwa macho, mguu umeninginizwa, uso umepungua.

"Mdogo wako anasema siku ile uliacha kazi ukaja mbio," mama akasema. "Nimekaa nalifikiria hilo wiki nzima. Sijakuharibia kitu?"

Mwalimu akavuta kiti, akakaa. Mikono yake bado ilikuwa inanuka toluini.

"Hapana, mama," akasema. "Ile kazi ilikuwa inaweza kungoja."

Mama akashusha pumzi, akafumba macho, na muda si mrefu akalala.