Chumvi ya Siku ya Tatu

Asubuhi ya mtihani wa hisabati, maradhi huingia katika shule ya bweni kwa nidhamu ambayo walimu wangeionea wivu. Kufikia saa moja na nusu wagonjwa walikuwa wameshapanga foleni kutoka mlango wa zahanati ya shule hadi kwenye bomba la maji. Wengine walishika vichwa, wengine matumbo, na mmoja, ambaye hakuwa amejiandaa vizuri, aliingia akichechemea mguu wa kushoto na kutoka akichechemea wa kulia. Muuguzi, ambaye wanafunzi walimpa cheo cha Sista Kidonge, aliwasikiliza wote thelathini na mmoja. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo, na miguu yake ilikuwa imeanza kustaafu kabla yake.

Wa thelathini na mbili hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mpishi kijana wa jikoni, aliyeolewa mwaka uliopita. Alisimama mlangoni na aproni yake, mkono mmoja chini ya kitovu.

"Sista, tumbo la chini linanivuta."

"Umeinua sufuria?"

"Kila siku nainua."

"Basi ndiyo hiyo sufuria."

Akampa vidonge sita vya maumivu, na wala hakumkalisha. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatatu iliyofuata mpishi alirudi akitembea kama mtu aliyebeba bakuli la maji yaliyojaa hadi ukingoni. Safari hii hapakuwa na mtihani, na muuguzi alimtazama vizuri. Homa ilikuwa nyuzi thelathini na nane na nusu. Maumivu ya chini ya tumbo, pande zote mbili. Uchafu ukeni, wenye rangi na harufu. Kipimo cha mimba kilionyesha hana. Muuguzi alifunga mlango, akavaa glavu, akampima ndani, na alipougusa tu mlango wa kizazi mpishi aliinuka juu ya kitanda kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Hiyo si sufuria," muuguzi alisema, zaidi akijiambia mwenyewe.

Akaosha mikono polepole. Alihesabu kimoyomoyo siku tangu Jumanne na kupata sita. Hesabu hiyo hakuitamka.

"Vijidudu vimepanda kutoka chini vikaingia kwenye kizazi na mirija," alisema. "Nitakuchoma sindano moja sasa hivi. Halafu kuna vidonge vya aina mbili, kila kimoja asubuhi na jioni, siku kumi na nne. Hivi meza na glasi nzima ya maji, na usilale hapo hapo. Hivi vingine vitakuachia ladha ya msumari mdomoni. Pombe usiguse."

"Dawa za aina tatu? Sista, mimi ni mmoja."

"Wewe ni mmoja, wao si mmoja. Stoo yenu ya chakula ina nini?"

"Mahindi, maharage, mchele."

"Nauliza wageni."

Mpishi akatabasamu kidogo. "Panya. Mende. Na fukusi kwenye mahindi."

"Mtego wa panya unamkamata fukusi?"

"Hata haumtambui."

"Ndiyo hivyo. Sindano inamtafuta mmoja, kidonge hiki kinamtafuta wa pili, na hiki cha msumari kinawatafuta wale wanaojificha pasipo na hewa. Mara nyingi wanakaa pamoja."

"Si upime kwanza ujue ni nani hasa?"

"Nimechukua sampuli, itakwenda. Lakini majibu yanachukua siku, na wengine hawaonekani hata wakiwemo. Nikikaa kusubiri, wao hawasubiri." Muuguzi alichomoa sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kola ya sare yake. "Tundu la mrija, pale unapokuwa mwembamba, halizidi unene huu. Ukivimba na kutunga usaha, kuta zake zinagandana zinapopona. Dawa inaua kijidudu. Kovu haiwezi kulifuta. Ndiyo maana kila siku ina thamani yake."

Mpishi aliitazama ile sindano kwa muda mrefu. "Nitazaa?"

"Wengi wanazaa. Sitakuambia wote."

Lilibaki suala la mume, fundi wa mabomba. Naye alipaswa kutibiwa hata kama hasikii lolote, na wasilale pamoja hadi wote wawili wamalize.

"Atasema mimi ndiye nimemletea."

"Mwambie aje anilaumu mimi. Hakuna kipimo kinachotaja aliyeanza."

Mume alikuja kesho yake, akapokea dawa huku akiichunguza dari kama mtu aliyeitwa kuitengeneza, akaondoka bila kulaumu mtu.

Jambo moja muuguzi hakulifikiria. Jikoni kulikuwa na ulimi mmoja tu unaotegemewa, nao ulikuwa wa mpishi huyu. Mpishi mkuu, aliyeitwa Jemadari, alikatazwa chumvi na daktari kwa sababu ya presha, naye aliitii amri hiyo kiasi kwamba hata kuonja mchuzi kwa ncha ya kijiko aliona ni uasi. Kwa hiyo tangu muhula uanze, kukoleza chakula cha watu mia sita ilikuwa kazi ya mpishi kijana, na kazi hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye kumenya viazi.

Jumanne mchana maharage yalikuwa na chumvi ya kuhifadhia ngozi. Jumatano hayakuwa na chumvi kabisa, na kidato cha tatu walisimama kwa heshima zote huku mmoja wao akisoma risala fupi ya kumuaga mpendwa wetu Mharage, aliyetutoka ghafla baada ya kuugua kwa siku moja, na ameacha mjane, Wali, na watoto wengi wenye njaa. Jemadari alisikia kila neno kupitia dirisha la kugawia chakula.

Alhamisi mchana muuguzi aliketi kwenye meza ya wafanyakazi, akavua viatu chini ya meza, akatia kijiko cha kwanza mdomoni. Maharage yalikuwa yamekolea sawasawa. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, ule ukimya wa vijiko vinavyofanya kazi.

Muuguzi akakiweka kijiko chini. Mtu anayemeza dawa ile asingeweza kupika maharage haya.

Akavaa viatu tena, jambo ambalo halikuwa dogo, akaenda jikoni. Alimkuta mpishi stoo akifunga gunia.

"Leo ni siku ya tatu tangu sindano. Ulitakiwa uje asubuhi."

"Nilikuwa nije, Sista, kazi tu. Lakini nimepona. Homa imekwisha, na usiku nalala."

Muuguzi alimgusa paji la uso, kisha akambonyeza tumbo juu ya aproni. Ni kweli, joto lilikuwa limeshuka, na safari hii mpishi alikunja uso tu.

"Umeacha kipi?"

Mpishi akalifunga gunia mara ya pili, ingawa lilikuwa limefungwa.

"Cha msumari. Tangu jana jioni. Sindano nilichomwa, na kile kingine nakimeza, haki ya Mungu. Jemadari amesema sufuria moja zaidi iharibike narudi kwenye viazi. Miaka miwili nimemenya viazi, Sista. Na kwa kuwa maumivu yamepungua, nikasema viwili vinatosha."

"Maumivu kupungua maana yake tumeanza vizuri. Haimaanishi wamekwisha. Umewafukuza panya na mende, fukusi umewaachia stoo."

Muuguzi akaketi juu ya gunia la mchele, kwa sababu miguu ilikataa, na kwa sababu alichotaka kusema hakikufaa kusemwa kwa kusimama.

"Kuna jambo. Jumanne ile ya mtihani, ulipokuja, nilikurudisha."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwepo, Sista."

Muuguzi alitaka kucheka ikamshinda. "Nilikuwa nimesikiliza uongo mara thelathini na moja mfululizo, nikakuhesabu na wewe. Nilitakiwa nikulaze kitandani, nikupime. Zile siku sita nimezipoteza mimi, na siwezi kukurudishia. Na mirija haina dirisha kwamba nitachungulia nione zimefanya nini."

Huko jikoni mtu aliangusha mfuniko, na Jemadari akamuuliza kama analipwa kwa kelele. Mpishi alikaa kwenye gunia la pili.

"Mimi nilidhani ni sufuria kweli," alisema. "Hata ungeniuliza ningekuambia sufuria."

"Ndiyo kazi yangu kuuliza mara mbili."

Kisha mpishi akatoa kwenye mfuko wa aproni karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Vidonge vyote alivyoviruka vilikuwemo, viwili. Alikuwa hajapata moyo wa kuvitupa.

"Nimeze vyote?"

"Kimoja. Hatufidii kwa kubugia. Tutasogeza mbele hadi zitimie siku kumi na nne."

Mpishi alikimeza kwa maji ya kikombe cha kuchotea, akakunja sura, akanyanyuka na kwenda moja kwa moja alipokuwa Jemadari. Muuguzi alimfuata nyuma, akiwa ameufunga mdomo, maana siri haikuwa yake.

"Mzee, kuna dawa namezeshwa, inaniharibu ulimi," mpishi alisema. "Siku kumi na mbili zaidi. Nisipoimeza huenda nisipate mtoto. Ukitaka nirudi kwenye viazi nitarudi, lakini nameza."

Jemadari, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuambiwa jambo kama hilo mbele ya sufuria, alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyolowa.

"Sijasema kitu kuhusu viazi," alisema, na wote watatu walijua kwamba alisema. "Ila nani ataonja? Wale watoto watanizika na mimi."

"Mimi," muuguzi alisema.

Kutoka zahanati hadi jikoni ni ngazi thelathini na tisa. Kwa siku kumi na mbili muuguzi alizipanda asubuhi na jioni, akishika ukuta, akaonja uji na maharage, akasema ongeza au acha, kisha akasimama hapo hadi mpishi ameze mbele yake. Chakula kilikuwa cha wastani. Hakuna aliyeandika risala.

Baada ya dozi alimpima tena. Mlango wa kizazi haukuuma. Majibu ya maabara yalikuwa yamerudi yakiwa na jina la kijidudu kimoja tu, na muuguzi aliyasoma bila kushangaa.

"Urudi baada ya miezi mitatu tupime tena, na mumeo pia," alisema.

"Na mirija?"

"Sijui, mwanangu. Tutajua mtakapoanza kutafuta. Mwaka ukipita kimya, nitakuandikia barua ya hospitali kubwa. Na ukikosa siku zako, tumbo likiuma upande mmoja, uje saa hiyo hiyo, maana mimba inaweza kukwama kwenye mrija wenye kovu."

"Saa hiyo hiyo."

"Hata kama nimelala."

Mpishi alishuka kitandani, akafunga kamba za aproni. Alisimama kidogo akiitazama ile sindano kwenye kola ya muuguzi, kisha akasema anachelewa maharage. Muuguzi aliandika tarehe ya miezi mitatu ijayo kwenye daftari, akaipigia mstari, na alipomaliza akaipigia mstari mara ya pili.